Kuta Nne Haziingii Katika Milimita 90

Kazi yangu hapa Kisumu ni kukadiria vifaa vya ujenzi, na siku hizi sehemu kubwa ya kazi hiyo huanzia kwenye picha ya simu. Mwenye nyumba yuko Nairobi au Mombasa, nyumba iko nyumbani kwao, na fundi aliye pale ana tepu, kalamu na daftari la hesabu. Fundi anapima, anachora, anapiga picha, na picha inanifikia kwa WhatsApp ikiwa na swali moja tu: tailsi ngapi na simiti mifuko mingapi? Kabla swali hilo halijajibiwa, picha lazima iwe orodha inayoonyesha kila chumba kwa jina lake, upana wake na urefu wake. Wengi huichukulia hatua hii kuwa ni kunakili tu. Mimi naiona kuwa hatua ya hesabu, kwa sababu mchoro wenyewe, hata ule mbaya, hubeba ndani yake njia ya kumwambia msomaji kama amesoma sawa.

Nitaieleza njia hiyo kwa nyumba moja iliyoko upande wa Ahero. Ni nyumba ya vyumba vitatu vya kulala ambayo kuta zake zimesimama na paa limeezekwa, ila haijapigwa plasta. Mwenyewe alitaka kujua gharama ya sakafu na plasta. Fundi alichora kwenye karatasi ya mraba iliyokunjwa mara nne. Mbele aliweka vyumba vitatu, nyuma vinne, na katikati mistari miwili sambamba yenye namba 1200. Nje ya mchoro, upande mrefu aliandika 11500 na upande mfupi 8800. Nilimpigia kuuliza unene wa kuta, naye akajibu bila kusita kwamba za nje ni milimita 200 na za ndani ni 150.

Jibu hilo la kuta ndilo la kwanza kuulizwa, kabla ya kusoma namba yoyote ya chumba. Sababu yake itaonekana.

Namba za mbele, kutoka kushoto, zilikuwa 4490 kwenye chumba kilichoandikwa `SR`, 3310 kwenye `MB`, na kwenye `BR2` namba ambayo mkunjo wa karatasi ulipita juu yake. Tarakimu ya kwanza ilikuwa 3 bila shaka, na mbili za mwisho zilikuwa 10. Ile ya pili ilikuwa duara lenye kijimstari juu, na ukiitazama kwenye skrini ya simu unasoma 3610. Ukiikuza picha, mstari ule unaweza kuwa mkia wa 6 na unaweza pia kuwa kivuli cha mkunjo. Hapo ndipo macho hufika mwisho wa uwezo wake. Kuendelea kukuza picha hakuongezi wino uliokuwapo kwenye karatasi; kunakuza ukungu tu, na mtu akitazama ukungu kwa muda mrefu huanza kuona kile alichotarajia kuona.

Kwa hiyo niliacha kutazama nikajumlisha. Ukichukua 4490, 3310 na 3610 unapata 11410. Toa hiyo kwenye 11500 ya nje, zinabaki milimita 90. Sasa hesabu kuta ambazo mstari huo wa mbele unazikata: ukuta wa nje wa kushoto, kuta mbili za ndani, na ukuta wa nje wa kulia. Ni kuta nne, na unene wake ni 200, 150, 150 na 200, jumla 700. Kuta nne zenye unene wa milimita 700 haziwezi kukaa ndani ya milimita 90, kwa hiyo namba mojawapo ni kubwa kuliko ilivyo kweli, na imezidi kwa takriban 610.

Kiasi hicho chenyewe kinaonyesha mahali pa kutafuta. Ziada ya takriban 600 inamaanisha kosa liko kwenye nafasi ya mamia, na tarakimu iliyosomwa imezidi ile ya kweli kwa 6. Katika mwandiko wa mkono jozi zinazofanana kwa namna hiyo ni chache: 6 na 0, 7 na 1, 9 na 3. Angalia sasa mamia ya kila namba. Kwenye 4490 ni 4, na kwenye 3310 ni 3. Hakuna hata moja kati ya hizo unayoweza kuipunguzia 6. Kwenye 3610 ni 6, na ukiipunguzia 6 unapata 0. Ukisoma 3010, jumla ya vyumba inakuwa 10810 na baki inakuwa 690, karibu kabisa na zile 700 za kuta. Tofauti ya milimita 10 katika nyumba ya mita 11 na nusu ni tofauti ya tepu iliyolegea kidogo au ukuta usionyooka, wala haina haja ya kufukuzwa.

Baki hii ina kazi nyingine. Kabla ya kukamata tarakimu iliyoharibika, inakuambia fundi alipima kutoka wapi hadi wapi, jambo ambalo karibu hakuna mchoro wa mkono unaolitaja. Kwa mstari huu wa kuta nne, baki ikikaribia 700 ujue vipimo ni vya ndani, kutoka uso wa ukuta hadi uso wa ukuta unaotazamana nao. Ikikaribia 200, vipimo ni vya kutoka katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta, kwa maana kinachokosekana ni nusu ya ukuta wa nje kila upande. Ikiwa sifuri, unene wa kuta umeshaingizwa ndani ya vipimo vya vyumba, na lazima uulize umeingizwa vipi. Kwa sakafu swali hili ni zito: ukichukua vipimo vya katikati ya kuta ukavifanya vya ndani, kila chumba kinapata tailsi za eneo ambalo limekaliwa na ukuta. Nyumba ikiwa imeshapigwa plasta, kuta zinakuwa nene zaidi kwa sababu plasta huongeza kama milimita 12 hadi 15 kila uso, na baki nayo hukua. Ndiyo maana niliuliza kuhusu plasta pia.

Mstari wa nyuma ulikuwa na shida ya namna nyingine. Pale fundi alikuwa ameandika 11.2 kwenye `KIT`, 5.6 kwenye `ST`, 6.6 kwenye `WC` na 11.10 kwenye `BR3`, na kando ya vyumba hivyo, kwa wima, 9.10 kama kina chao. Bila shaka alikuwa amegeuza tepu upande wa futi. Tepu zetu zina pande zote mbili, na ingawa ramani zinazopelekwa kwa kaunti kuidhinishwa huandikwa kwa milimita, mafundi wengi huku huzungumza kwa futi: chumba cha kumi kwa kumi na mbili kinaeleweka na kila mtu. Lililobaki kuamuliwa ni ile nukta. Je, 5.6 ni futi tano na sehemu sita za kumi, au ni futi tano na inchi sita?

Kwa namba kama 5.6 au 6.6 tofauti ni ndogo, milimita 30 tu, na inaweza kupita bila kuonekana. Namba inayofichua siri ni 9.10. Kwanza, mtu anayeandika desimali hana sababu ya kuweka sifuri ile ya mwisho, angeandika 9.1. Pili, inchi huishia 11 kabla ya kugeuka futi, kwa hiyo ukiona mchoro ambao namba baada ya nukta zinafika 10 na 11 lakini hazivuki hapo kamwe, unasoma inchi. Hata hivyo hizo ni dalili, na mimi hupenda kuona jumla inafunga. Kina cha nyumba, kutoka mbele hadi nyuma, kinapitia ukuta wa nje 200, chumba cha mbele ambacho kina chake kiliandikwa 3900, ukuta 150, ile nafasi ya katikati 1200, ukuta 150, chumba cha nyuma, na ukuta wa nje 200. Ukiifanya 9.10 kuwa futi tisa na inchi kumi, ni milimita 2997, na jumla yote ni 8797 dhidi ya 8800 iliyoandikwa nje. Ukiifanya desimali, ni milimita 2774, na nyumba inapungua kwa milimita 226, ambao ni upana zaidi ya ukuta mzima. Upungufu wa namna hiyo hauwezi kusingiziwa tepu.

Mstari wa nyuma nao ulikubaliana na hilo. Kwa futi na inchi, vyumba vinne vinafika inchi 420, yaani milimita 10668, na kuta zake tano zina 850; jumla ni 11518. Kwa desimali jumla ingekuwa takriban 11366. Tazama lakini kwamba usomaji usio sahihi hapa umekosea kwa milimita 134 tu, na mtu mwenye haraka angeweza kuuvumilia. Ndiyo sababu sikubali kamwe kufunga mstari mmoja wa mchoro na kuiacha mingine, hasa pale vipimo vilivyochanganywa vinapokutana.

Katika jedwali la kompyuta, futi na inchi naziandika kwenye safu mbili tofauti, nukta nikiitupa kabisa, kisha nabadilisha hivi:

```
=(A2*12+B2)*25.4
```

Ukiiacha 9.10 kwenye kisanduku kimoja, jedwali litaigeuza 9.1 bila kukuuliza, na hapo futi tisa na inchi kumi itakuwa imefanana na futi tisa na inchi moja, tofauti ya milimita 229 iliyozaliwa na kompyuta yenyewe. Hatari hii haipo kwa fundi anayeandika alama za futi na inchi, lakini yeye ana hatari yake: alama ya futi, ikiandikwa ndefu, husomeka kama 1, na ya inchi kama 11. Programu za simu zinazosoma maandishi kwenye picha huanguka hapo mara nyingi, na hata zinaposoma tarakimu vizuri hukupa rundo la namba lisilosema namba ipi ni ya ukuta upi.

Hilo la umiliki wa namba ndilo eneo ambalo kujumlisha hakusaidii, na lazima niliseme wazi. Kama ningeipa `MB` 3010 na `BR2` 3310, jumla ya mbele ingebaki ile ile na mstari ungefunga vizuri kabisa. Hesabu hulinda tarakimu, hailindi mahali. Kwa mahali, naanza na ukweli kwamba namba ni ya mstari, na mstari una ncha mbili. Naufuata mstari wa kipimo kutoka ncha hadi ncha, natazama kuta ambazo ncha hizo zinagusa, na chumba kilicho kati ya kuta hizo ndicho chenye namba, hata kama namba yenyewe imeandikwa ndani ya chumba cha jirani kwa kukosa nafasi. Namba isiyo na mstari, iliyoandikwa tu katikati ya chumba, naiweka kwenye orodha ikiwa na alama ya swali. Na namba fupi kama 900 au 1500 iliyobanwa kwenye ukuta, karibu na pengo au mistari miwili membamba, kwa kawaida ni mlango au dirisha, nayo ina orodha yake.

Namba za wima nazo zinahitaji jicho. Mtu anayechora kwa mkono huizungusha karatasi upande wowote unaomfaa, na tarakimu 6, 9, 0, 1 na 8 husomeka hata zikiwa kichwa chini. Katika milimita kuna kinga ya asili: vipimo vya tepu huishia na sifuri karibu wakati wote, kwa hiyo namba inayoonekana kuanza na sifuri imegeuzwa.

Kuhusu majina, kanuni yangu ni kuandika lebo jinsi ilivyo kwenye karatasi katika safu moja, na ninavyoielewa katika safu nyingine. `ST` inaweza kuwa stoo au chumba cha kusomea. Katika nyumba hii iko ubavuni mwa jikoni, ina upana wa futi tano na nusu na haina dirisha, kwa hiyo niliiandika stoo, lakini `ST` ilibaki palepale ili fundi aweze kunipinga. Nafasi isiyo na jina nayo lazima iingie. Ile yenye 1200 katikati ya nyumba haikuwa na lebo yoyote, na yeyote anayekusanya majina badala ya nafasi angeiruka. Ni korido. Urefu wake haukuandikwa, lakini unapita kutoka ukuta wa nje hadi ukuta wa nje, na 11500 ukitoa kuta mbili za 200 ni 11100. Eneo lake linazidi mita za mraba 13, kubwa kuliko `BR2`. Orodha ilikaa hivi:

```
Na | Lebo  | Matumizi      | Ilivyoandikwa | mm           | Hali
1  | SR    | sebule        | 4490 x 3900   | 4490 x 3900  | sawa
2  | MB    | chumba kikuu  | 3310 x 3900   | 3310 x 3900  | sawa
3  | BR2   | chumba cha 2  | 3?10 x 3900   | 3010 x 3900  | ulizia
4  | -     | korido        | 1200          | 11100 x 1200 | urefu kwa hesabu
5  | KIT   | jikoni        | 11.2 x 9.10   | 3404 x 2997  | futi na inchi
6  | ST    | stoo?         | 5.6 x 9.10    | 1676 x 2997  | ulizia jina
7  | WC    | choo na bafu  | 6.6 x 9.10    | 1981 x 2997  | futi na inchi
8  | BR3   | chumba cha 3  | 11.10 x 9.10  | 3607 x 2997  | futi na inchi
```

Safu ya tano ikikosewa, ya nne inabaki kuwa shahidi, na mtu mwingine anaweza kurudi kwenye karatasi bila kuanza upya. Alama ya swali ndani ya 3?10 naiacha makusudi. Jibu la hesabu ni 3010, lakini kilichoonekana kwenye karatasi ni tarakimu isiyosomeka, na mambo hayo mawili hayapaswi kuandikwa kama ni jambo moja.

Picha yenyewe haipimwi kwa rula, hata kama mchoro ulifuata mizani. Simu ikiinama kidogo, upande ulio karibu nayo unakuwa mkubwa kuliko ule wa mbali, na mistari iliyokuwa sambamba inakaribiana. Ninachoomba kwa mafundi ni karatasi iliyonyooshwa mezani kivulini, simu juu yake ikiwa imelala sambamba na meza, pembe nne zote zionekane, kisha picha nyingine za karibu za kila robo. Ziletwe kama dokumenti, si kama picha ya kawaida, kwa sababu WhatsApp hubana picha za kawaida, na kinachopotea kwanza ni vijimstari vyembamba kama ule wa `BR2`.

Mchoro wa kiwanja unafuata hesabu ile ile. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 kina upana wa milimita 15240. Fundi aliandika 1700 kutoka ua wa kushoto hadi nyumba, na 2040 kutoka nyumba hadi ua wa kulia. Ukiongeza 11500 unapata 15240 kamili. Ila kufika kisimani aliandika "hatua 22". Hilo linabaki hatua 22 kwenye orodha. Ukiligeuza kuwa mita, kisio linavaa sura ya kipimo, na atakayelisoma baadaye hatajua.

Zikabaki simu mbili za kumpigia fundi, na namna ya kuuliza ina uzito wake. Ukimuuliza mtu, "Ni 3010, sivyo?" atakubali, kwa heshima au kwa haraka. Badala yake niliomba kipimo ambacho hakimo kwenye karatasi yake: "Fundi, ingia kile chumba cha mbele cha mwisho kulia, nipimie pembe hadi pembe, kona ya mlangoni hadi kona ya mkabala." Chumba cha 3010 kwa 3900 kina mshazari wa takriban 4930. Kingekuwa 3610, mshazari ungekuwa takriban 5310. Pengo kati ya majibu hayo mawili ni kubwa kiasi kwamba tepu iliyolegea haiwezi kuyachanganya, na anayepima hajui ni lipi linalotarajiwa.

"Elfu nne mia tisa na thelathini na tano, mama," alisema.

Nikamuuliza na ile `ST` ni chumba gani, naye akasema ni ya kuwekea mahindi. Nikafuta zile "ulizia" mbili kwenye safu ya hali, na mita za mraba 2.34 ambazo 3610 ingeziongeza kwenye tailsi za `BR2` hazikuingia kwenye hesabu ya mwenye nyumba.